Jitiisheni Si Watiisheni

Nimelisikia neno likigeuzwa, na lilikuwa likigeuzwa hadharani.

Ilikuwa harusi ya Jumamosi, bonde la Subukia, hema limejaa hadi nje. Mhubiri alimgeukia bwana harusi. Akamwambia kwamba Mtume, katika waraka kwa Waefeso, amempa kazi ya kumtiisha mkewe. Akaongeza kwamba Kigiriki chenyewe ndivyo kinavyosema. Watu wakapiga makofi. Bibi harusi akainamisha kichwa.

Kigiriki hakisemi hivyo.

Sikusimama kupinga siku ile, kwa kuwa harusi si darasa. Lakini mafundisho hayo nimeyasikia tena tangu hapo, kwa kinywa kingine, na mara hii hakuna aliyeshangaa. Neno likishasemwa mara tatu bila kupingwa huwa mapokeo. Ndiyo maana naandika sasa, kabla ya mara ya tatu.

Kinachogeuzwa ni kitenzi kimoja. Kimoja tu. Lakini kitenzi hicho ndicho kinachoamua nani anatenda na nani anatendwa, na ndani ya nyumba hilo si jambo la sarufi peke yake.

Tuanze na Kiswahili, kwa sababu Kiswahili kinatupa vifaa vyote tunavyohitaji. Mtu yeyote aliyekaa darasani na kufundishwa mnyambuliko wa vitenzi atanifuata.

Shina ni tii. Mtoto anatii. Ukinyambua, unapata tiisha: mwenye nguvu anamtiisha mwingine. Ukiendelea, unapata tiishwa: mnyonge anatiishwa, apende asipende. Ukitanguliza -ji-, unapata jitiisha: mtu anajiweka mwenyewe chini, kwa tendo lake mwenyewe. Na lipo la mwisho, jitiishia: mtu anamtiisha mwingine kwa faida yake. Mfalme anajitiishia jirani.

Sasa tazama. Jitiisheni. Jitiishieni. Tofauti ni irabu moja. Irabu hiyo ndiyo inayomtenga anayejitoa na anayetwaa.

Mhubiri yule alimpa bwana harusi jitiishie. Waraka ulikuwa umesema jitiisheni, tena haukuwa ukisema na bwana harusi peke yake.

Kigiriki cha mitume kina kauli tatu. Ya kwanza ni ya kutenda. Ya pili ni ya kutendwa. Ya tatu haina jina moja la Kiswahili lililozoeleka. Tuiite kauli ya kati. Katika kauli ya kati mtenda ndiye mwenye tendo, na tendo lenyewe halimwachi. Huenda likamtua yeye mwenyewe. Huenda likafanyika kwa ajili yake. Huenda likatukia ndani yake tu, kama kukasirika au kuacha.

Sisi tunayo maneno ya namna hiyo bila kuyatambua. Mama anamvisha mtoto. Mama mwenyewe anavaa. Katika vaa hakuna -ji-, lakini nguo inamwangukia mvaaji. Ndivyo ilivyo Waefeso 6:11, waumini wanapoambiwa wavae silaha za Mungu. Kitenzi ni endusasthe, kauli ya kati. Hatusemi wajivishe. Tunasema wavae, na inatosha.

Basi tendo likiwa la kati, swali linabaki: linatua juu ya mtenda, au linafanyika kwa ajili yake? Waraka huohuo unatupa mfano wa pili. Waefeso 1:4 inasema Mungu alituchagua, na kitenzi ni exeleksato, kauli ya kati. Mungu hakujichagua. Alituchagua sisi. Wengi husikia hapo kwamba alituchagua tuwe wake, na Kiswahili kina neno la wazo hilo: alijichagulia. Lakini hata hapo tuwe na kiasi, kwa sababu kitenzi hicho katika Agano Jipya hakitumiki kwa kauli ya kutenda. Mwandishi hakuwa na maumbo mawili mkononi akaacha moja na kushika jingine. Alitumia umbo lililokuwepo.

Hupotasso, kitenzi chetu cha kutiisha, ni tofauti. Hapo mwandishi alikuwa na maumbo mawili mkononi, na alitumia yote mawili, katika waraka mmoja.

Hili ndilo la kushika.

Waefeso 1:22. Kitenzi ni hupetaksen. Ni kauli ya kutenda. Mtenda ni Mungu. Kitendwa ni vitu vyote. Vinawekwa wapi? Chini ya miguu ya Kristo. Hapa ndipo tiisha ilipo katika waraka huu. Ipo mara moja. Imewekwa mikononi mwa Mungu.

Waefeso 5:21. Kitenzi ni kilekile, lakini umbo limebadilika: hupotassomenoi. Si kauli ya kutenda tena. Hakina kitendwa cha kuwekwa chini. Kando yake limesimama neno allelois, maana yake ninyi kwa ninyi. Wanaoambiwa ni waumini wote, waume wamo, wake wamo. Kwa Kiswahili: mkijitiisha kila mmoja kwa mwenzake.

Waefeso 5:22. Hapa ndipo wake wanapotajwa. Kitenzi kiko wapi?

Hakipo.

Nakala mbili za kale mno za waraka huu hazina kitenzi katika mstari huo. Ya kwanza ni Papiro 46, iliyonakiliwa karibu na mwaka 200, ambayo kurasa zake zimegawanyika kati ya Dublini na Chuo Kikuu cha Michigani. Ya pili ni Kodeksi ya Vatikano, ya karne ya 4. Nakala nyingine zina kitenzi, lakini hazikubaliani ni umbo lipi: baadhi zinasema wake wajitiishe, nyingine zinawaambia wenyewe, jitiisheni. Wanakili waliona pengo wakalijaza, na kila mmoja alilijaza kwa kitenzi kilekile cha mstari wa 21, katika kauli ileile. Hakuna aliyelijaza kwa kumpa mume kitenzi.

Maana yake ni rahisi. Mstari wa wake unaazima kitenzi chake kwa mstari wa wote. Ukiukata mstari wa 22 ukauacha wa 21 nyuma, katika nakala hizo unabaki na maneno kuhusu wake, waume na Bwana, na hakuna tendo. Anayeanza kusoma harusini kuanzia mstari wa 22 ameanza katikati ya sentensi.

Mstari wa 24 unafanya vilevile. Kanisa linajitiisha kwa Kristo, hupotassetai, na wake wanaazima tendo hilo bila kulirudia. Maneno katika kila jambo yapo hapo, na siyafuti. Mtenda naye yupo. Ni kanisa, na ni mke. Si mume.

Sasa mume. Mstari wa 25 unamgeukia yeye, na unampa amri ya kauli ya kutenda: agapate, pendeni. Halafu unamwonyesha kielelezo. Kristo alilipenda kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Katika Kigiriki hapo hakuna kauli ya kati. Kuna kitenzi cha kutenda, paredoken, na kuna neno zima lililosimama peke yake, heauton, maana yake nafsi yake. Mwandishi hakutaka mtu akose kuona tendo linatua juu ya nani. Akaliandika wazi.

Kwa hiyo -ji- iliyo kali kuliko zote katika sura hii iko upande wa mume.

Alijitoa.

Weka hivyo vitu vitatu mezani pamoja. Kutiisha ni kwa Mungu. Kujitiisha ni kwa waumini wote, na wake ndani yao. Kujitoa ni kwa mume. Mhubiri anayemwambia mume amtiishe mkewe ameichukua kauli ya Mungu ya sura ya 1 na kumkabidhi mwanamume wa sura ya 5. Hilo si kosa dogo la tafsiri. Ni kumkalisha mtu kiti kisicho chake.

Kosa hili limepata nafasi kwa sababu Biblia tulizo nazo zinalificha, bila nia mbaya.

Biblia ya Muungano, iliyotoka 1952 na ambayo wengi wetu tumekua nayo, inatumia nyenyekeana katika 5:21, halafu tii katika 5:22. Maneno mawili. Msomaji hawezi kujua kwamba ni tendo moja lililoazimwa. Anaona kunyenyekeana ni kwa wote, na kutii ni kwa wanawake.

Halafu inatumia tii tena katika 6:1, kwa watoto, na tena katika 6:5, kwa watumwa. Msomaji anaona neno moja kwa watatu: mke, mtoto, mtumwa. Anahitimisha kwamba wako daraja moja.

Kigiriki kinatumia maneno mawili. Watoto na watumwa wanaambiwa hupakuete, kitenzi cha kusikiliza na kufanya ulichoagizwa, kauli ya kutenda. Wake hawaambiwi hivyo katika waraka huu. Wao wana hupotasso, tena katika umbo lisilokuwa la kutenda. Mwandishi aliyekuwa na neno la watoto mkononi hakulitumia kwa wake, ingawa mistari iko karibu kiasi cha kugusana.

Atasimama mtu aniulize habari za 1 Petro 3:6, pale Sara anaposemwa alimtii Abrahamu. Ni swali la haki. Hapo kitenzi ni hupakuo kweli. Lakini tazama tena mtenda ni nani. Ni Sara. Abrahamu hakuambiwa amfanye atii. Popote unapofungua nyaraka hizi, tendo liko mkononi mwa mke, na hakuna mume hata mmoja aliyepewa amri ya kulitekeleza juu yake.

Hakuna hata mmoja.

Kuna shimo la pili, na ni lazima niliseme, maana anayekimbia shimo moja akiangalia nyuma huangukia jingine.

Vijana wengi sasa wana programu za Biblia kwenye simu. Wanagusa neno, wanaona namba 5293 na alama za sarufi. Wanaona M, wanaambiwa ni kauli ya kati, na papo hapo wanahubiri kwamba kila kauli ya kati maana yake ni kwa hiari yake mwenyewe. Nao wanakosea.

Kosa hilo lina mfano unaojulikana sana. Katika 1 Wakorintho 13:8 lugha zitakoma, na kitenzi ni pausontai, kauli ya kati. Wako wanaofundisha kwamba kwa sababu ya umbo hilo, lugha zitakoma zenyewe, bila kukomeshwa na yeyote, na kwa hiyo zilikwisha kukoma zamani. Lakini fungua Luka 8:24. Yesu anaukemea upepo na mawimbi. Vinakoma. Kitenzi ni kilekile, kauli ni ileile ya kati. Je, upepo ulijikomea wenyewe? Umetoka kukemewa! Kitenzi hicho katika kauli ya kati maana yake ni kukoma tu. Nani alisababisha, umbo halisemi. Sentensi ndiyo inayosema.

Na hupotasso nayo ina mpaka wake. Katika wakati uliopo, umbo la kauli ya kati na umbo la kutendwa ni moja. Hupotassomenoi inaweza kuwa mkijitiisha, na inaweza kuwa mkitiishwa. Ndiyo maana programu iliyo makini haiandiki M peke yake. Inaandika M/P. Ukiona alama hiyo, jua kwamba sarufi imefika mwisho wa uwezo wake, na sasa ni lazima usome.

Kuna mahali ambapo kitenzi hiki ni cha kutendwa kweli. Warumi 8:20 inasema viumbe vyote viliwekwa chini ya ubatili. Tazama jinsi mwandishi anavyotuonyesha. Anaongeza kwamba si kwa hiari yao. Anamtaja yule aliyevitiisha. Yaani kuna mtiishaji, na kuna asiyetaka. Hiyo ni tiishwa, bila shaka yoyote.

Basi chukua vipimo hivyohivyo urudi navyo Waefeso 5. Je, mtiishaji ametajwa? Hapana. Je, imesemwa si kwa hiari? Hapana. Je, wanaozungumziwa ni vitu vinavyofanyiwa jambo, au watu wanaohimizwa kufanya? Ni watu. Sentensi inaanza mbali, kwa agizo la kujazwa Roho katika 5:18, halafu inaorodhesha yanayofuata: mkisemezana, mkiimba, mkishukuru, mkijitiisha. Hakuna anayeimbishwa hapo. Hakuna anayeshukurishwa. Wala hakuna anayetiishwa. Wote wanatenda.

Na katika Wakolosai 3:18, ambako kitenzi kimeandikwa kabisa mbele ya wake, ni amri: hupotassesthe. Wanaoambiwa ni wake wenyewe. Huwezi kumwamuru mtu atendwe na mwingine kisha ukamwacha yule mwingine bila neno. Mume katika mstari unaofuata anaambiwa mawili tu: apende, na asiwe mchungu kwake.

Ndivyo tunavyojua. Si kwa umbo peke yake. Kwa umbo, kwa anayeambiwa, na kwa kukosekana kwa mtiishaji. Vitatu pamoja.

Sisemi kwamba waraka hauna utii. Upo. Sisemi kwamba mitume waliandika Katiba ya Kenya. Hawakuandika. Nasema jambo dogo ambalo haliwezi kuondolewa: utii wa mke, kwa kadiri yoyote utakavyouelewa, umeandikwa kama tendo lake. Tendo ambalo mwingine analifanya juu yako kwa nguvu si lako tena. Mume anayemlazimisha mkewe ajitiishe amelifuta neno alilodai kulitii.

Sasa hebu tuone neno hili likiachwa litageuka nini.

Mahubiri ya harusi hayaishii hemani. Bwana harusi anakwenda nayo nyumbani. Siku mke atakapouliza pesa za mavuno zimekwenda wapi, mume atakumbuka kwamba alipewa kazi. Siku mke atakapokataa kutia sahihi shamba liuzwe, atakumbuka. Mkono utakapoinuka, utainuka ukiwa na aya.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikisha miaka 15. Ni mmoja kati ya watatu. Sisemi kwamba sarufi ndiyo iliyowapiga. Nasema kwamba katika kanisa la wanawake mia moja, unapotamka mtiishe mkeo, kuna wanawake zaidi ya thelathini wanaojua kitenzi hicho kinavyouma. Wanakusikia ukikipa baraka.

Halafu angalia yanayofuata. Mke aliyeumizwa anakwenda kwa mchungaji au katekista. Anaulizwa kama amejitiisha vya kutosha. Kitenzi kilichokuwa tendo lake sasa ni shtaka juu yake. Anarudi nyumbani. Mara ya pili haji tena kanisani kuuliza. Mara ya tatu majirani ndio wanaosikia.

Na kuna anayeketi pembeni akitazama: mtoto. Yeye 6:1 anaijua kwa moyo. Akiambiwa kwamba neno la mama ni lilelile la kwake, ataamini kwamba mama naye ni mtoto wa baba. Wa kiume atakua akitafuta wa kumtiisha. Wa kike atakua akisubiri kutiishwa. Lugha yetu tayari inasema mume anaoa na mke anaolewa. Sikio letu limezoea kumsikia mwanamke katika kutendwa. Ndiyo maana ni rahisi kumpokonya hata kitenzi kimoja alichopewa atende.

Haya si ya mbali. Subukia si mahali padogo katika kusikilizwa kwake. Hapa ndipo yalipo Madhabahu ya Kitaifa ya Bikira Maria. Kila Oktoba mahujaji wanapanda mabasi kutoka pembe zote za nchi, wanakuja kusali juu ya bonde hili, na wanaondoka na walichokisikia. Neno likipotoka hapa, halibaki kwenye barabara ya Nakuru na Nyahururu. Linapanda basi.

Na masomo yenyewe yanakuja kwa zamu, huwezi kuyakwepa. Katika Misa, Waefeso 5 kuanzia mstari wa 21 husomwa Jumapili ya 21 ya mwaka B wa kanisa. Ilisomwa 25 Agosti 2024. Zamu yake inayofuata ni 2027. Wakolosai 3 husikika Jumapili ya Familia Takatifu, mara tu baada ya Krismasi, wakati nyumba zimejaa na watoto wote wamerudi. Kwa makanisa mengine, kila harusi ni zamu. Huna haja ya kusubiri kalenda.

Kinachotakiwa si kingi. Ni hatua nne, na zote zaweza kuanza Jumapili hii.

Kwanza, anza kusoma kwenye 5:21. Daima. Usianze 5:22. Kama muda ni mfupi, kata mwishoni, usikate mwanzoni. Sentensi isiyo na kitenzi haihubiriki.

Pili, unapofasiri, tumia kitenzi kimoja palipo na kitenzi kimoja. Soma Biblia uliyo nayo kama ilivyo, kisha waambie watu: neno la mstari wa 21 na neno la mstari wa 22 ni tendo moja, ni kujitiisha. Waambie pia kwamba neno la watoto katika 6:1 ni jingine. Itakuchukua dakika mbili.

Tatu, usimsomee mume amri ya mke. Kila mmoja asomewe yake. Bwana harusi akisimama mbele yako, mpe 5:25. Mwulize atajitoa vipi, kwa mambo yanayoonekana: pesa, muda, kazi ya nyumbani, kusikiliza. Akikuuliza afanyeje mke asipojitiisha, mjibu kwa ukweli: hukuandikiwa hilo. Umeandikiwa upende, na usiwe mchungu.

Nne, mwanamke akija ameumizwa, usifungue waraka. Mpeleke hospitali, mpeleke polisi. Simu ya bure ya 1195 inapokea habari za ukatili wa kijinsia nchi nzima. Kipengele cha 45 cha Katiba kinawapa wanandoa haki sawa katika ndoa, na sheria ya 2015 dhidi ya ukatili wa nyumbani inamlinda. Kumlinda aliyepigwa hakupingani na kitenzi chochote katika waraka.

Na kwa wenye programu kwenye simu: ukiona M/P, simama. Uliza nani anaambiwa. Uliza kama kuna mtiishaji. Uliza mwandishi ameongeza nini. Ukiruka maswali hayo, utamdhuru mtu kwa herufi moja, iwe unamwinua mke au unamkandamiza.

Nina jambo moja la mwisho, na linahusu mahali petu.

Mahujaji wanaokuja Subukia wanakuja kwa Maria. Fungua Luka 2:51. Yesu ana miaka kumi na miwili. Ametoka kuwashangaza walimu hekaluni. Anashuka na wazazi wake kwenda Nazareti, na Luka anaeleza aliishi nao vipi. Neno alilolitumia ni hupotassomenos. Ni kitenzi chetu. Ni umbo letu. Ni lile la Waefeso 5:21, ila hapa ni la mtu mmoja.

Alijitiisha kwao.

Yusufu hakumtiisha. Maria hakumtiisha. Hakuna aliyekuwa na uwezo huo. Katika waraka kwa Waefeso huyu ndiye ambaye vitu vyote viliwekwa chini ya miguu yake. Aliye juu ya vyote alijiweka chini ya mama yake, kwa tendo lake mwenyewe, na mama akayaweka mambo hayo moyoni.

Anayetaka kujua jitiisheni maana yake nini, amtazame mtoto yule katika nyumba ile. Kisha aniambie ni nani pale aliyeinua mkono.

Jitiisheni si watiisheni. Lisemwe hivyo mbele ya bwana harusi ajaye, kabla hajatoka hemani.